Anwani ya zamani inapojitokeza yenyewe: Namna ya kusafisha orodha ya wapokeaji wa barua pepe

Ipagala, Dodoma

Katika kata ya Ipagala jijini Dodoma, kama ilivyo katika kata nyingine za jiji hili, mwananchi asiye na kompyuta nyumbani hutuma barua pepe kupitia duka la steshenari. Hufika na nyaraka zake ndani ya bahasha, zikaskaniwa, kisha mhudumu hufungua akaunti ya duka na kuanza kuandika jina la mpokeaji. Kabla hajafika herufi ya nne, anwani nzima hujitokeza chini ya kidole chake. Huibonyeza, akatuma, na mteja akaondoka akiamini kuwa kazi imekwisha.

Mara nyingi kazi huwa imekwisha kweli. Lakini zipo siku ambapo anwani iliyojitokeza ni ya mtumishi aliyehamishwa mwaka uliopita, au ya taasisi ambayo haipo tena kwa jina lile. Barua huenda, mwenye barua husubiri, na hakuna anayejua kuwa maombi hayajafika mezani.

Chanzo cha tatizo hilo ni kitu kidogo ambacho watumiaji wengi hawajui kuwa kipo. Programu ya barua pepe hutunza orodha ya watu walioandikiwa na akaunti hiyo, na kila herufi inapochapwa katika sehemu ya mpokeaji, programu hupekua orodha hiyo na kupendekeza majina yanayofanana. Orodha hiyo si kitabu cha anwani cha Serikali wala cha taasisi yoyote. Ni kumbukumbu ya mtumaji mwenyewe, yaani ya alichokwisha kukiandika huko nyuma. Mtumishi anapohama kituo cha kazi, hakuna anayeiarifu. Taasisi inapofutwa au kuunganishwa na nyingine, haipati taarifa. Tena, kwa kuwa programu nyingi huweka juu jina lililoandikiwa mara nyingi zaidi, anwani ya zamani iliyotumika mara arobaini huendelea kuitangulia anwani mpya iliyotumika mara moja.

Jiji ambalo anwani zake zimebadilika mara nyingi

Ni miji michache nchini iliyobadilishiwa ofisi zake kwa kasi kama Dodoma. Wakazi wa Ipagala waliopata viwanja miaka ya nyuma walikuwa wakiandikiana na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, maarufu kwa kifupi cha CDA. Mamlaka hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilivunjwa mwezi Mei 2017 na majukumu yake kuhamishiwa Halmashauri ya Manispaa ya Dodoma. Haukupita mwaka mzima, tarehe 26 Aprili 2018, manispaa yenyewe ikapandishwa hadhi na kuwa jiji. Mwenye kiwanja ambaye hakubadilisha chochote katika maisha yake alijikuta ndani ya muda mfupi na ofisi tatu tofauti za kuandikia kuhusu jambo lile lile.

Mwaka huo huo wa 2018, tarehe 1 Agosti, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF, ulianza kazi baada ya kuunganishwa kwa mifuko minne ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF. LAPF ulikuwa na makao yake makuu hapa hapa Dodoma, hivyo wastaafu wengi wa halmashauri walikuwa na anwani zake katika barua pepe zao. Mwezi Januari 2022 ikafuata Wizara ya Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto, ambayo iligawanywa kuwa wizara mbili. Aliyezoea kuiandikia wizara hiyo kuhusu masuala ya wazee alipaswa kuanzia hapo kuandika kwingine, ingawa kompyuta yake iliendelea kumpendekezea kule kule.

Jambo jingine linalochanganya ni namna anwani za halmashauri zinavyoandikwa. Anwani rasmi za taasisi za Serikali huishia na go.tz, na kwa halmashauri, kabla ya hapo huwekwa jina la eneo likifuatiwa na herufi mbili za aina ya halmashauri: dc kwa wilaya, tc kwa mji, mc kwa manispaa na cc kwa jiji. Halmashauri ya Jiji la Dodoma hutumia dodomacc.go.tz. Ndani ya mkoa huu huu kuna Kondoa mbili, halmashauri ya wilaya na halmashauri ya mji, na tofauti ya anwani zao ni herufi moja tu kati ya dc na tc. Anayeandika "kondoa" kwa haraka na kubonyeza pendekezo la kwanza anaweza kupeleka barua kwa mwajiri ambaye si wake, na barua hiyo haitarudi, kwa sababu anwani zote mbili ni halali.

Barua inayorudi na barua isiyorudi

Hapa ndipo penye hatari yenyewe, na ni vema pafafanuliwe taratibu. Barua iliyotumwa kwa anwani ya zamani inaweza kupatwa na mojawapo ya mambo matatu.

La kwanza ni kurudi mara moja. Ikiwa sanduku la mpokeaji limefungwa lakini taasisi bado ipo, seva ya taasisi huikataa barua, na mtumaji hupokea ujumbe kutoka kwa mtumaji wa ajabu anayeitwa Mail Delivery Subsystem au postmaster. Ndani ya ujumbe huo huwamo namba 550 au 5.1.1, ikimaanisha kuwa mtu huyo hayupo kwenye seva hiyo. Ujumbe huu huwakera watu, na wapo wanaoufuta bila kuusoma wakidhani ni matangazo. Ukweli ni kwamba ndiyo habari njema kuliko zote zinazoweza kutokea, kwa sababu kosa limejulikana siku hiyo hiyo.

La pili ni kuchelewa. Ikiwa seva ya taasisi ya zamani haijibu, mfumo wa mtumaji haukati tamaa upesi. Hujaribu tena na tena, na taarifa ya kushindwa kabisa huweza kuja baada ya siku mbili au tatu. Kwa mwombaji mwenye tarehe ya mwisho, siku hizo ni nyingi.

La tatu ni kimya. Barua inapokelewa vizuri, lakini na mtu asiyehusika. Yaweza kuwa mtumishi aliyehama ambaye alikuwa akitumia anwani yake binafsi, yaweza kuwa mtu mwenye jina linalofanana, au yaweza kuwa anwani iliyokuwa ya taasisi nje ya go.tz ambayo usajili wa kikoa chake haukulipiwa, kikachukuliwa na mtu mwingine kabisa. Hakuna taarifa ya kosa inayotolewa, kwa kuwa kwa mtazamo wa kompyuta hakuna kosa lililotokea.

Chukulia mfano wa kijana wa Ipagala aliyeteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi ya mama yake, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi katika halmashauri mojawapo ya Mkoa wa Dodoma. Anahitaji mwajiri athibitishe utumishi wa marehemu. Anafika steshenari akiwa na cheti cha kifo, barua ya uteuzi kutoka mahakamani, nakala ya kitambulisho chake cha Taifa na maelezo ya akaunti ya benki. Mhudumu anakumbuka kuwa miaka miwili iliyopita alimtumia afisa wa halmashauri hiyo nyaraka za mteja mwingine. Anaandika herufi tatu za jina la afisa, pendekezo linatokea, barua inaondoka.

Wiki tatu zinapita. Kijana anapiga simu halmashauri na kuambiwa hakuna barua kama hiyo. Anarudi steshenari kwa hasira, na mhudumu anafungua folda ya barua zilizotumwa ili kumthibitishia. Jina la afisa lipo pale, limeandikwa vizuri kabisa. Wanatazamana, kila mmoja akiamini kuwa anasema kweli, na wote wawili wanasema kweli.

Kinachowaokoa ni kuweka kishale cha kipanya juu ya lile jina bila kulibonyeza. Kikadi kidogo kinafunguka na kuonyesha anwani iliyofichwa nyuma ya jina: haiishii na go.tz. Ni anwani binafsi ya afisa huyo, ambaye kwa wakati huo amekwisha kuhamia mkoa mwingine. Programu ilikuwa imewaonyesha jina la mtu tu, wakati barua husafiri kwa anwani. Nyaraka nne zenye taarifa nyeti za familia sasa zimo katika sanduku la mtu ambaye hana wajibu nazo tena, na shauri la mirathi limepoteza wiki tatu.

Baada ya kugundua hivyo, hatua ya kwanza ya mhudumu isiwe kufuta pendekezo. Kwanza ajue ni barua za wateja wangapi zimekwenda njia hiyo. Katika Gmail, maneno yafuatayo huandikwa kwenye kisanduku cha kutafutia, anwani ya mfano ikibadilishwa kwa ile inayotiliwa shaka:

```
in:sent to:jina@mfano.com
```

Orodha inayotokea ni ya barua zote zilizowahi kupelekwa kwa anwani hiyo. Zile zilizotumwa baada ya afisa kuhama ndizo zinazopaswa kutumwa upya mahali sahihi, na wenye nazo waarifiwe. Anayefuta pendekezo kwanza na kuisahau anwani hupoteza ufunguo wa utafutaji huu.

Namna ya kufuta na kurekebisha katika Gmail

Gmail ndiyo akaunti inayotumiwa na steshenari nyingi na wananchi wengi, hivyo inastahili maelezo marefu. Mapendekezo yake hayatunzwi ndani ya kompyuta ya dukani. Yamo katika akaunti yenyewe, sehemu iitwayo Other contacts, ambamo Gmail huweka kila anayeandikiwa kwa mara ya kwanza bila kumuuliza mtumaji. Kubadilisha kompyuta au kununua simu mpya hakusaidii kitu, kwa kuwa anayefungua akaunti ile ile hukutana na orodha ile ile.

Ili kuifikia, mtumiaji hufungua kivinjari akiwa ameingia katika akaunti yake, kisha huandika contacts.google.com. Upande wa kushoto wa ukurasa kuna orodha ya sehemu, mojawapo ikiwa ni Other contacts. Akiibonyeza, wengi hushangaa: mamia ya anwani hupangwa hapo, nyingine za watu walioandikiwa mara moja tu miaka mingi iliyopita. Anwani inayotakiwa kuondolewa hutafutwa kwa jina, kisha hubonyezwa alama ya vidoti vitatu mwishoni mwa mstari wake na kuchaguliwa Delete.

Kurekebisha ni jambo tofauti kidogo. Anwani iliyomo katika Other contacts haihaririwi ikiwa humo. Ni lazima kwanza ihamishiwe katika anwani rasmi za mtumiaji kwa kubonyeza Add to contacts, na baada ya hapo ndipo hufunguliwa, ikahaririwa na kuhifadhiwa kwa kitufe cha Save. Njia hii inafaa pale ambapo mtu ni yule yule lakini anwani imebadilika. Pale ambapo ofisi ni ile ile lakini mtu amebadilika, ni bora kumfuta aliyeondoka na kuandika ingizo jipya kwa jina la ofisi, kwa mfano "Ofisi ya Mkurugenzi, Jiji la Dodoma", badala ya jina la anayeikalia. Anwani yenyewe ichukuliwe katika tovuti ya taasisi husika, na isinakiliwe kutoka barua ya zamani. Ingizo la ofisi huendelea kuwa sahihi hata uhamisho unapotangazwa.

Ipo pia njia ya kuizuia Gmail isikusanye anwani mpya bila ridhaa. Katika barua pepe yenyewe hubonyezwa alama ya gurudumu lenye meno juu kulia, kisha See all settings. Katika ukurasa wa General huteremkwa hadi sehemu ya Create contacts for auto-complete na kuchaguliwa I'll add contacts myself. Mwisho wa ukurasa hubonyezwa Save Changes, hatua ambayo watu huisahau na kisha kulalamika kuwa mpangilio haukushika. Mpangilio huu hauondoi anwani zilizokwisha kukusanywa, huzuia tu nyingine kuongezeka. Kwa duka linalohudumia wateja wengi kwa akaunti moja, huu ndio mpangilio unaofaa zaidi, kwani mteja wa leo hana sababu ya kuonyeshwa kuwa mteja wa jana alimwandikia daktari gani au wakili gani.

Katika Outlook na katika simu

Ofisi nyingi hutumia programu ya Outlook kwenye kompyuta. Humo, kufuta pendekezo moja ni rahisi: huandikwa herufi za mwanzo za jina katika sehemu ya To, na pendekezo lisilotakiwa linapotokea hubonyezwa alama ya X iliyo mwisho wa mstari wake. Asiyetumia kipanya huliteremkia kwa mshale wa kibodi na kubonyeza Delete. Hakuna namna ya kuhariri pendekezo ndani ya orodha hiyo. Hufutwa, kisha anwani sahihi huandikwa yote kwa mkono mara moja, na baada ya barua kutumwa anwani hiyo huingia katika orodha.

Kufuta orodha nzima katika Outlook ya kawaida ya kompyuta, ile yenye menyu ya File, hufanywa kwa kufungua File, kisha Options, kisha Mail. Katika sehemu ya Send messages kuna kitufe cha Empty Auto-Complete List. Orodha hiyo hubeba hadi anwani 1,000, na ikishafutwa kwa njia hii hairudishwi kwa kitufe kingine, hivyo anayeitegemea kama kitabu chake cha anwani ahifadhi kwanza zile anazozihitaji. Mtaalamu wa TEHAMA wa ofisi anaweza kufanya hivyo hivyo kwa kufunga Outlook, kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, na kuandika amri hii:

```
outlook.exe /cleanautocompletecache
```

Katika Outlook inayofunguliwa kwa kivinjari, mapendekezo huondolewa moja moja kwa alama ya X.

Ofisi zenye seva ya Exchange hukutana na kisa kingine kinachoshangaza. Mtumishi huondoka, sanduku lake hufutwa, kisha hurejea na kufunguliwa sanduku jipya lenye anwani ile ile. Wenzake wakimwandikia kwa kubonyeza pendekezo, barua inarudi. Wa nje ya ofisi wakimwandikia, inafika. Sababu ni kwamba kwa watu wa ndani Outlook haikuhifadhi anwani inayoonekana bali utambulisho wa ndani wa lile sanduku lililofutwa. Dalili yake ni neno IMCEAEX katika ujumbe wa kurudishwa. Tiba ni kufuta pendekezo na kumchagua mtumishi huyo upya kutoka kitabu cha anwani cha ofisi.

Kwa simu ya iPhone, katika programu ya Mail, huandikwa jina la mpokeaji, kisha hubonyezwa alama ya herufi i iliyo kando ya pendekezo na kuchaguliwa Remove from Recents. Kwa simu za Android zenye Gmail hakuna haja ya njia ya pekee: hufunguliwa contacts.google.com katika kivinjari cha simu na kufuatwa hatua zile zile za kompyuta. Watumiaji wa Thunderbird wataikuta orodha yao katika kitabu cha anwani kiitwacho Collected Addresses, ambacho hufunguliwa na kuhaririwa kama kitabu kingine chochote.

Kwa nini anwani iliyofutwa hurudi

Malalamiko ya kawaida ya wanaojaribu hatua hizi ni kwamba anwani ya zamani, baada ya kufutwa, huibuka tena baada ya wiki chache. Haina miujiza. Mara nyingi mtumiaji ameijibu barua ya zamani badala ya kuanza mpya. Anapobonyeza Reply all katika mazungumzo ya miaka miwili iliyopita, wapokeaji wote wa wakati ule huitwa tena, akiwemo aliyehama, na barua ikishatumwa programu humhesabu kuwa ni mtu anayeandikiwa hadi sasa. Kwa hiyo anayetaka kuendeleza shauri la zamani aanze barua mpya, aandike namba ya kumbukumbu ya shauri katika kichwa cha habari, na kuambatisha nakala ya barua ya awali.

Sababu ya pili ni kwamba anwani ile ile huwa imehifadhiwa mahali zaidi ya pamoja. Mtumiaji anaweza kuwa ameifuta katika mapendekezo huku ikiwa imebaki katika anwani rasmi za simu, au ndani ya kundi la wapokeaji lililoundwa zamani kwa ajili ya mikutano. Programu hupekua kote huko. Baada ya kufuta, jaribio ni dogo: kufungua barua tupu, kuandika herufi tatu za jina, na kutazama kinachojitokeza. Kama anwani bado ipo, atafute katika Contacts na katika makundi.

Ni vema ieleweke pia kwamba kufuta pendekezo hakugusi barua zilizokwisha kutumwa. Zimebaki katika folda ya Sent, na kwa mpokeaji zimebaki vilevile. Steshenari inayosafisha orodha ya mapendekezo lakini ikaacha nyaraka za wateja katika Sent na katika folda ya skana ya kompyuta imefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Barua ikishakwenda kusikohusika

Gmail humpa mtumaji sekunde chache za kuizuia barua kwa kubonyeza Undo. Muda huo kwa kawaida ni sekunde 5, lakini katika ukurasa ule ule wa General, sehemu ya Undo Send, unaweza kuongezwa hadi 30. Sekunde hizo zinatosha kusoma anwani mara ya pili. Baada ya hapo barua haiwezi kuitwa irudi. Outlook ina kitufe cha kurejesha barua, lakini hufanya kazi kati ya watu wa taasisi moja wanaotumia mfumo mmoja wa Microsoft, na hakiwezi kuifuta barua iliyokwisha kuingia Gmail ya mtu.

Kilichobaki ni kumwandikia aliyeipokea kimakosa, kwa lugha ya heshima, kumweleza kosa lililotokea, kumwomba aifute barua pamoja na viambatisho na kuthibitisha kwa maandishi kuwa amefanya hivyo. Mwenye nyaraka ajulishwe siku hiyo hiyo, hasa kama zilikuwamo namba ya kitambulisho cha Taifa au maelezo ya benki, ili aweze kuwa macho na simu au ujumbe wowote usioeleweka. Nyaraka zitumwe upya katika anwani sahihi, na mtumaji aombe ofisi ithibitishe kuzipokea.

Kwa ofisi na biashara, suala hili lina upande wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu kuzilinda zisifike kwa wasiohusika, na kuiarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mapema iwezekanavyo pale usalama wa taarifa hizo unapovunjwa. Cheti cha kifo kilichotumwa kwa anwani isiyo sahihi ni taarifa iliyotoka mikononi mwa aliyekabidhiwa, hata kama aliyekosea ni kompyuta iliyopendekeza jina.

Kwa yule kijana wa mfano, kazi haikuwa ndefu baada ya chanzo kujulikana. Mhudumu alifungua tovuti ya halmashauri, akanakili anwani ya ofisi inayoishia na go.tz, akaihifadhi kwa jina la ofisi, akaifuta ile ya afisa katika Other contacts, kisha akatuma nyaraka upya zikiwa na barua fupi iliyoeleza tarehe ya maombi ya kwanza. Utafutaji katika folda ya Sent ulionyesha wateja wengine wawili waliopitishwa njia ile ile baada ya afisa kuhama. Namba zao za simu zilikuwamo katika daftari la duka, na jioni hiyo wote wawili walipigiwa.